Maswali na majibu: gharama iliyomo kwenye leja ni ya mwaka huu kweli?

Shikamoo mwalimu. Mwaka huu tumelipa bima 1,320,000. Nimetoa 770,000 ya mwaka ujao, gharama imebaki 550,000. Mkurugenzi anasema mwaka jana bima ilipita milioni moja, na hatujapunguza magari wala majengo. Nimekosea wapi?

Marahaba. Ulichotoa umekitoa sawasawa. Kilichopotea ni miezi saba ya mwanzo wa mwaka.

Nimeziangalia nakala za hati mbili za bima ulizoambatisha. Ya zamani inaanzia 1 Agosti 2024 mpaka 31 Julai 2025, na ada yake ni 1,080,000, yaani 90,000 kila mwezi. Mpya inaanzia 1 Agosti 2025 mpaka 31 Julai 2026 kwa ada ya 1,320,000, yaani 110,000 kila mwezi. Mwaka wenu wa hesabu ni Januari hadi Desemba 2025. Sasa weka leja kando kabisa, ujiulize mwaka huo ulikingwa na hati ipi. Januari mpaka Julai ulikingwa na hati ya zamani: miezi 7 kwa 90,000 ni 630,000. Agosti mpaka Desemba ukakingwa na mpya: miezi 5 kwa 110,000 ni 550,000. Jumla 1,180,000. Hiyo ndiyo gharama ya bima ya 2025, na umeipata bila kujua hata tarehe moja ya malipo.

Ukirudi kwenye leja sasa unajua unachotafuta. Mwaka ulipoanza, akaunti ya gharama zilizolipwa kabla ilikuwa na 630,000 iliyoachwa na mwaka 2024, ambayo ni ile miezi saba. Kiasi hicho kilipaswa kuhamia kwenye gharama ya 2025 kadiri miezi ilivyopita, au chote kwa mara moja siku ya kwanza ya mwaka, kutegemea utaratibu wenu. Hakikuhamishwa. Kimebaki kwenye mali mpaka leo, nawe ukakiongezea 770,000 ya mwaka huu, ndiyo maana mizania yako inaonyesha bima iliyolipwa kabla ya 1,400,000.

Namba hiyo ingetosha peke yake kukushtua. Ada ya mwaka mzima ni 1,320,000. Haiwezekani uwe na bima iliyobaki ya thamani kubwa kuliko hati nzima unayoishikilia, hali miezi mitano yake imeshapita. Kila ninapopokea vitabu vya mtu, hapo ndipo ninapotazama kwanza: je, salio la malipo ya kabla linaweza kutoka kwenye hati iliyo hai? Likizidi, ujue la mwaka jana bado limelala humo.

Marekebisho ni haya: debiti gharama ya bima 630,000, krediti gharama zilizolipwa kabla 630,000. Kisha jaribu kwa njia ya leja: salio la kuanzia 630,000, jumlisha kilicholipwa 1,320,000, toa salio la kufungia 770,000, unapata 1,180,000. Njia mbili zisizotegemeana zimefika mahali pamoja. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Wengi hurudia tu kutoa 770,000 kwenye 1,320,000, wanaona jibu ni lile lile, wanasema wamehakiki. Hapo wamehakiki kutoa, na kipindi hakijaguswa.

Nikuongezee jambo moja kwa kuwa nimeliona pembeni ya karatasi yako. Mwanzo uliandika kwamba hati mpya imetumika miezi 4, kwa sababu 12 kutoa 8 ni 4, halafu ukafuta. Ulifanya vyema kufuta. Agosti yenyewe imo, kwa hiyo ni Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Kinga ya kosa hili ni kuhesabu pande zote mbili kwa vidole, miezi iliyotumika na miezi iliyobaki, na jumla yake lazima iwe sawa na muda wa hati. Tano na saba ni kumi na mbili, umemaliza. Pia usiihesabu tangu 20 Julai mlipolipa. Malipo hayafungui bima. Tarehe iliyoandikwa kwenye hati ndiyo inayoifungua.

Hati zetu ni nyingi na baadhi zinaanza katikati ya mwezi. Kuna fomula ya Excel ya kuzipima zote kwa pamoja?

Ipo, na ni fupi. Weka kiasi kwenye safu A, tarehe ya kuanza kwenye B, tarehe ya mwisho kwenye C. Seli G1 iwe siku ya kwanza ya mwaka wako wa hesabu na H1 siku ya mwisho. Halafu kwenye D2:

```
=A2*MAX(0,MIN(C2,$H$1)-MAX(B2,$G$1)+1)/(C2-B2+1)
```

Inatafuta siku ambazo kipindi cha hati na mwaka wako vinakutana, inagawa kwa siku zote za hati, inazidisha kwa kiasi. Hati ambayo haigusi mwaka wako inaleta sifuri. Ile `+1` usiifute: bila hiyo siku ya kwanza haihesabiwi, na hati ya siku 365 inageuka ya siku 364. Kompyuta nyingine zimepangwa kutumia `;` badala ya `,` kati ya vipande vya fomula, basi badilisha.

Ukizipitisha hapo zile hati mbili za swali lililotangulia utapata 1,180,603 badala ya 1,180,000. Hakuna kosa. Siku 212 za hati ya zamani na 153 za mpya hazilingani sawasawa na miezi saba na mitano. Chagua kuhesabu kwa siku au kwa miezi, lakini ukishachagua baki hapo hapo kila mwaka, mwanzoni na mwishoni. Anayefungua mwaka kwa miezi na kuufunga kwa siku anajitengenezea tofauti ndogo ambayo mtu atakuja kupoteza mchana mzima kuitafuta.

Faida kubwa ya jedwali hili ni kwamba linakulazimisha usome tarehe za kila karatasi. Chukua nyongeza ya bima. Gari jipya linaingizwa kwenye hati 1 Novemba 2025, kinga inaisha pamoja na nyingine 31 Julai 2026, na ada ya nyongeza ni 180,000. Mwenye mazoea atagawa kwa 12. Lakini fedha hiyo inalipia miezi 9, kwa hiyo ni 20,000 kwa mwezi: 40,000 ni ya mwaka huu na 140,000 inavuka. Ada ya nyongeza kwa kawaida hupangwa kwa muda uliobaki tu, na ukiigawa kwa 12 utabaki na salio ambalo halitakwisha hata hati ikiisha.

Nina bili 12 za umeme kwenye leja, na mwaka una miezi 12. Kwa nini mkaguzi ananitaka niongeze tena gharama ya Desemba?

Kwa sababu bili zako 12 ni za mwaka mwingine, uliosogea kidogo. Soma tarehe za kusoma mita. Bili ya kwanza uliyoingiza 2025 inahusu 12 Desemba 2024 mpaka 11 Januari 2025, na ya mwisho inahusu 12 Novemba mpaka 11 Desemba 2025. Siku ni 365 kweli, ila 20 za mwanzo ni za mwaka uliopita, na siku 20 za mwisho wa Desemba 2025 hazina bili yoyote. Umeme wa siku hizo umeshautumia na unadaiwa.

Bili iliyofuata imekuja katikati ya Januari: 12 Desemba hadi 11 Januari, siku 31, kiasi 372,000. Hiyo ni 12,000 kwa siku, na kwa siku 20 ni 240,000. Debiti gharama ya umeme 240,000, krediti gharama limbikizi 240,000.

Sasa tazama upande wa pili, kwa maana hapa ndipo pana uzito. Mwaka 2024 mlifunga na umeme uliolimbikizwa wa 200,000, na safari hii mmeugeuza mwaka ulipoanza. Bili 12 zinafika 4,150,000. Gharama sahihi ni 4,150,000 kutoa 200,000 za mwaka jana, kuongeza 240,000 za mwisho wa mwaka huu: 4,190,000. Tofauti na bili 12 zikisimama peke yake ni 40,000 tu, na najua utauliza kama 40,000 inastahili mabishano yote haya. Katika faida, pengine haistahili. Lakini kwenye mizania unakosa deni la 240,000 zima. Mkopeshaji anayepima madeni yenu ya muda mfupi anapewa namba isiyo kweli. Bili 12 zinaweza kutoa gharama inayokaribia ukweli na bado zikaficha deni.

Kuna hali moja ya hatari. Ikiwa mwaka 2024 hamkulimbikiza chochote, na mwaka huu ndiyo mnaanza, ukiongeza 240,000 juu ya bili 12 utakuwa umeweka siku 385 za umeme katika mwaka mmoja. Hesabu itaonekana safi, kila ingizo lina karatasi yake, na gharama itakuwa imezidi. Zile siku 20 za Desemba 2024 ni kosa la mwaka uliopita. Kama kiasi ni kikubwa kwa ukubwa wa shirika lenu, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 8 kinataka mrekebishe takwimu za mwaka uliopita, si kukitupia mwaka huu. Kama ni kidogo, kiache mwaka huu, lakini andika kwenye karatasi ya kazi kwamba mwaka huu umebeba siku 385 na kwa nini, ili anayelinganisha miaka miwili asidhani mmeacha taa zikiwaka.

Kugawa kwa siku kunachukulia kwamba siku zote zinafanana. Kiwanda kilichofanya kazi mpaka 31 Desemba kisha kikafunga kwa wiki ya kwanza ya Januari hakikutumia umeme sawa siku zote 31. Dawa yake ni mtu aende asome mita jioni ya siku ya mwisho ya mwaka na apige picha. Bili ile ya 372,000 ilikuwa ya uniti 1,240, yaani 300 kwa uniti. Kama mita ya 31 Desemba ilionyesha uniti 900 tangu ilipopigwa bili iliyotangulia, limbikizo ni 270,000, si 240,000. Picha moja ya mita inapita makadirio yote.

Na bili ikichelewa hadi vitabu vinafungwa? Kadiria kwa bili iliyotangulia. Ile ya 12 Novemba hadi 11 Desemba ni siku 30. Kama ilikuwa 345,000, kwa siku ni 11,500 na kwa siku 20 ni 230,000. Bili halisi ikifika kabla hesabu hazijaidhinishwa, rekebisha ikiwa tofauti ina uzito. Kutojua kiasi kamili si sababu ya kuacha sifuri. Kiwango cha IAS 37 kinaeleza kwamba hata limbikizo wakati mwingine linahitaji kukadiriwa kiasi au muda wake, na kwamba mashaka yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya madeni mengine ya makadirio. Umeme umeshatumika, linalosubiriwa ni karatasi.

Urari wangu unalingana, lakini riba ya mkopo haifanani na mkataba. Nitajuaje kosa liko wapi bila kupekua mwaka mzima?

Ukubwa wa tofauti utakuelekeza. Urari kulingana hakukusaidii hapa, kwa kuwa ingizo lililowekwa upande usio wake kwa akaunti zote mbili bado linalingana.

Tuchukue mkopo wa 10,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mtaji haulipwi mpaka mwisho, na riba inalipwa kila miezi mitatu: 31 Januari, 30 Aprili, 31 Julai na 31 Oktoba. Mtaji haukubadilika, hivyo riba ya mwaka ni 1,200,000. Namba hii imetoka kwenye mkataba, haikuhitaji leja. Malipo manne ya 300,000 nayo ni 1,200,000. Novemba na Desemba zinadaiwa 200,000 mwisho wa mwaka huu, na 200,000 kama hizo zilidaiwa mwisho wa mwaka uliopita, zikalipwa ndani ya malipo ya 31 Januari.

Leja yako ikionyesha 1,400,000, umezidi kwa 200,000, sawasawa na salio la kuanzia. Maana yake limbikizo la mwaka jana halikugeuzwa: Novemba na Desemba zilizopita zimehesabiwa mwaka ule, kisha zikahesabiwa tena kwa malipo ya Januari. Utathibitisha ukitazama akaunti ya riba inayodaiwa, ambayo itakuwa na 400,000. Kwa mkataba wa kulipa kila miezi mitatu deni la riba haliwezi kuzidi 300,000 kama mnalipa kwa wakati, hivyo salio hilo linajisema lenyewe.

Ikionyesha 1,000,000, umepungukiwa 200,000: la mwaka jana limegeuzwa ila la mwaka huu halijawekwa. Akaunti ya deni itakuwa sifuri.

Na ikionyesha 800,000, umepungukiwa 400,000, mara mbili ya limbikizo. Hiyo ni dalili ya ingizo lililowekwa kinyume: mtu alikusudia kuongeza 200,000 akapunguza 200,000, hivyo umbali kutoka kwenye ukweli ni mara mbili. Akaunti ya deni itakuwa na salio la debiti la 200,000, kana kwamba mkopeshaji ndiye anayedaiwa na wewe. Kila ukipata tofauti, igawe kwa mbili kwanza, kisha itafute nusu hiyo miongoni mwa maingizo ya marekebisho. Mara nyingi utaikuta hapo hapo, na kuirekebisha kunahitaji ingizo la 400,000, si 200,000. Ukiweka 200,000 umefuta kosa lakini hujaweka marekebisho yenyewe.

Mwelekeo huwachanganya watu kwa sababu wanakariri. Nawasihi msikariri. Jiulize tu: mwaka huu umetumia kitu ambacho leja bado haijakibeba? Gharama inapanda na deni linapanda. Leja imebeba kitu ambacho mwaka huu haujakitumia? Gharama inashuka na mali inapanda.

Fundi alitengeneza jenereta 18 Desemba. Ankara yake ameandika tarehe 8 Januari. Ni gharama ya mwaka gani?

Ya mwaka wa Desemba. Kazi ilifanyika 18 Desemba, faida ya kazi mkaipata siku hiyo na deni likazaliwa siku hiyo. Tarehe ya ankara ni siku ambayo fundi alipata nafasi ya kukaa na kalamu. Ushahidi wa kutunza ni hati ya kazi iliyosainiwa na mtu wenu alipoipokea jenereta.

Ugumu wa gharama limbikizi ni kwamba hazijiandiki. Malipo ya kabla yamo kwenye leja tayari, unayatafuta ndani ya ulichonacho. Limbikizo unalitafuta mahali ambapo hakuna kitu. Kwa hiyo usianzie kwenye leja ya mwaka unaoufunga, anzia kwenye mwaka mpya. Pitia malipo na ankara za Januari na Februari, na kwa kila moja yenye uzito soma tarehe ya huduma au ya kupokea mzigo. Iliyoangukia 31 Desemba au kabla yake, angalia kama imo kwenye orodha ya madeni ya mwaka uliopita. Kama haimo, iingize. IAS 10 ndicho kiwango kinachokuruhusu na kukutaka utumie habari za baada ya mwaka zinapothibitisha hali iliyokuwapo siku ya mwisho. Kisha chukua orodha ya malimbikizo ya mwaka jana na uliza kwa kila mstari: mwaka huu yuko wapi? Ada ya ukaguzi, maji, simu, likizo za wafanyakazi. Aliyekuwapo mwaka jana na hayupo mwaka huu awe na sababu.

Kabla hujaingiza, hakikisha ankara hiyo hiyo haijawekwa tayari kwenye wadai. Programu nyingi za hesabu zinakuruhusu kuingiza ankara Januari kwa tarehe ya Desemba, na karani mwenye bidii huenda amefanya hivyo. Ukiongeza limbikizo juu yake, jenereta imetengenezwa mara mbili.

Kinyume chake pia hutokea: ankara ya tarehe 28 Desemba ya huduma ya mwaka unaokuja, haijalipwa na huduma haijaanza. Wengine huiweka kwenye wadai na wakati huo huo kwenye malipo ya kabla. Hakuna kilicholipwa wala kilichopokewa. Kwa kawaida iondoe pande zote mbili, la sivyo mali na madeni vyote vinavimba bure.

Tulilipia matangazo Novemba, yakarushwa Desemba yote. Wateja wataanza kuja Januari. Naweza kuyapeleka mwaka ujao ili yalingane na mapato?

Hapana. Nia ni nzuri, na ni swali linalowanasa hata wazoefu, kwa kuwa tumefundishwa kulinganisha gharama na mapato. Lakini IAS 38 kiko wazi kuhusu matangazo: malipo ya kabla yanabaki kuwa mali mpaka pale unapopokea huduma yenyewe. Huduma uliyonunua ni kurushwa kwa matangazo, na imekamilika Desemba. Wateja wa Januari ni matarajio, hayakununuliwa kwenye mkataba huo.

Ingekuwa mmelipia wiki nane, nne zikarushwa Desemba na nne zirushwe Januari, nusu ingevuka. Omba ratiba ya urushaji kutoka kwa chombo kilichorusha na ugawe kwa idadi ya matangazo yaliyotoka, kwa sababu mara nyingi hayagawanyiki sawa kwa wiki.

Amana ya pango tuliyompa mwenye nyumba tuiweke kwenye pango lililolipwa kabla?

Msiiweke huko. Amana mtarudishiwa mkihama, haitumiki kadiri miezi inavyopita. Ikikaa ndani ya pango lililolipwa kabla, mtu atakuja kuigawa kwa 12 na kuila polepole kama gharama. Ifungulie akaunti yake, na kila mwaka ithibitishe kwa mkataba. Kwa wanaotumia viwango kamili vya kimataifa, mkumbuke kwamba pango la zaidi ya miezi 12 tangu mwaka 2019 linafuata IFRS 16, kwa hiyo haya ya kugawa kwa miezi yanabaki kwa mikataba mifupi na ile ya vitu vya thamani ndogo.

Tumeweka kiwango: chini ya 50,000 haturekebishi. Ni halali?

Ni halali na ni busara, mradi kiwango hicho kiandikwe na kitumike mwanzo na mwisho wa mwaka kwa namna ile ile. Usajili wa gazeti wa 36,000 unaolipwa kila Oktoba ukiuacha kwenye gharama mwaka baada ya mwaka, kila mwaka unabeba miezi 12, na hakuna aliyeumia.

Matatizo yanakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kiwango katikati: mwaka jana mlirekebisha kila kitu, mwaka huu mnaacha vidogo. Yale masalio madogo ya kuanzia lazima bado yageuzwe, na mwaka huu utabeba zaidi ya miezi 12 kwa vitu vilivyolipwa kabla. Ya pili ni kupima kwa ankara moja moja. Ankara ishirini za simu za 40,000 kila moja, za matawi ishirini, ni 800,000 ya aina moja ya gharama kwa kipindi kimoja. Kiwango kipimwe kwa jumla ya aina, ndipo uamue kuacha.